Kupanga Marejeo ya Tasnifu kwa Mtindo wa Namba: Jinsi ya Kusafisha Majina ya Waandishi na ya Majarida

Mwanafunzi wa afya anayeandika tasnifu hapa Mwanza mara nyingi hurudishiwa kazi ikiwa na maneno machache ya msimamizi pembeni mwa ukurasa: "Marejeo hayafanani." Hukaa usiku mzima akifuta nukta na kuongeza koma katika orodha ya mwisho, kisha akirudisha kazi anaambiwa maneno yaleyale. Chanzo chake ni kwamba anarekebisha orodha iliyokwisha kuchapwa, ilhali kasoro zimo katika taarifa zilizozaa orodha hiyo. Mwongozo huu unaanzia kwenye taarifa, kisha unashuka hadi kwenye orodha.

Mtindo unaozungumziwa ni ule wa Vankuva, ambao vyanzo hupewa namba kwa kufuata mpangilio wa kutajwa ndani ya maandishi. Mfano wetu ni tasnifu inayohusu kichocho na virusi vya ukimwi katika vijiji vya wavuvi kisiwani Ukerewe.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Mwongozo wa chuo wa kuandika tasnifu, ukiwa umefunguliwa kwenye ukurasa wa marejeo. Pale unapotofautiana na maelezo ya hapa, fuata chuo.
- Kompyuta yenye Word, pamoja na Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo ambayo haina malipo, na kiunganishi chake cha Word.
- Sura zote za tasnifu zikiwa katika faili moja la `.docx`.
- Nakala za vyanzo vyote ulivyovitaja, angalau ukurasa wa kwanza wa kila kimoja.
- Intaneti kwa ajili ya hatua ya pili na ya nne. Hatua nyingine zinafanyika hata bando likiisha.
- Nakala ya akiba ya tasnifu kwenye flashi au kwenye barua pepe yako, ambayo hutaigusa hadi kazi ikamilike.

Usianze ikiwa sura bado zimo katika faili tofauti. Kila faili huanza kuhesabu upya kutoka moja, na kuziunganisha baadaye kwa kubandika orodha chini ya orodha huzaa namba zinazogongana, kasoro ambayo mtahini huiona kabla hajasoma aya ya kwanza.

## Hatua ya 1: Tambua kasoro uliyonayo

Chapisha orodha yako ya sasa kwenye karatasi. Tafuta chanzo ambacho kimejitokeza zaidi ya mara moja, kwa kuwa ndicho kinachoonyesha ugonjwa wote kwa pamoja. Katika mfano wetu, utafiti maarufu uliofanyika vijijini katika mkoa huu wa Mwanza na kuchapishwa mwaka 1995 umeandikwa mara mbili hivi:

```
4. Heiner Grosskurth, et al. (1995). Impact of Improved
   Treatment of Sexually Transmitted Diseases on HIV
   Infection in Rural Tanzania. The Lancet, Vol. 346,
   pp. 530-536.
19. Grosskurth, H., Mosha, F., & Todd, J. Impact of improved
    treatment of sexually transmitted diseases. LANCET 1995.
```

Kasoro ya kwanza ni kubwa kuliko nyingine zote: makala moja imepewa namba mbili. Katika mtindo huu, chanzo kikishapata namba hubaki nayo hadi ukurasa wa mwisho, hata kikitajwa mara kumi. Kwa hiyo namba 19 lazima ife, na ikifa, kila chanzo kilichotajwa baada yake kinasogea. Hii ndiyo sababu kuhesabu kwa mkono hakuwezekani katika tasnifu yenye vyanzo vingi, na ndiyo sababu kazi ya namba inaachiwa programu.

Kasoro zilizobaki ni za umbo. Mwandishi ameanza kwa jina lake la kwanza katika namba 4, lakini kwa jina la ukoo katika namba 19. Jarida limeandikwa kwa namna mbili. Kichwa cha makala kimekatwa. Umbo sahihi ni hili:

```
Grosskurth H, Mosha F, Todd J, Mwijarubi E, Klokke A,
Senkoro K, et al. Impact of improved treatment of sexually
transmitted diseases on HIV infection in rural Tanzania:
randomised controlled trial. Lancet. 1995;346(8974):530-6.
```

Litazame kwa makini, kwa sababu kila alama ina kazi yake. Jina la ukoo linatangulia, kisha herufi za kwanza za majina mengine, bila koma kati yao na bila nukta baada ya herufi. Koma hutenganisha mtu na mtu. Waandishi sita wanatajwa, na wa saba na kuendelea hufunikwa na `et al`. Mwaka unafuatwa na nukta mkato, kisha juzuu, toleo ndani ya mabano, nukta mbili, na kurasa ambazo namba yake ya pili imefupishwa.

## Hatua ya 2: Ingiza kila chanzo upya kwa kitambulisho chake

Kishawishi ni kunakili orodha ya zamani na kuimimina kwenye Zotero. Usifanye hivyo, kwa sababu utahamisha makosa yote pamoja nayo.

Bofya kitufe cha `Add Item(s) by Identifier`, kisha andika namba ya makala. Makala nyingi za afya zina namba mbili: `DOI`, ambayo hutolewa kupitia mchapishaji, na `PMID`, ambayo hutolewa na PubMed. Zote mbili zikipatikana, mimi huchagua `PMID`, kwa sababu kumbukumbu za PubMed huja na ufupisho wa jina la jarida ukiwa tayari umejazwa, na vichwa vya makala vikiwa na herufi ndogo panapostahili. Taarifa zinazotoka kwa wachapishaji hutofautiana sana: mmoja huandika kichwa kizima kwa herufi kubwa, mwingine huacha toleo wazi.

Ripoti za wizara, miongozo na tasnifu za wengine mara nyingi hazina namba hizo, hivyo utaziingiza kwa mkono. Chagua aina sahihi tangu mwanzo, yaani `Report`, `Book` au `Thesis`, kwa sababu aina ndiyo inayoamua ni sehemu zipi zitachapwa. Ripoti iliyoingizwa kama makala ya jarida itatoka bila mji na bila mchapishaji, na hakuna marekebisho ya alama yatakayoiokoa.

Ukimaliza, fungua folda ya `Duplicate Items` na uunganishe zilizojirudia, lakini kwa tahadhari. Katika somo la kichocho kuna makala mbili zenye kichwa kilekile, `Human schistosomiasis`, tena zote zimetoka katika Lancet. Moja ni ya Gryseels na wenzake ya mwaka 2006, nyingine ni ya Colley na wenzake ya mwaka 2014. Anayelinganisha vichwa peke yake huifuta moja akidhani anasafisha, na sentensi zilizotegemea makala iliyofutwa hubaki zikielekeza mahali pasipo pake. Linganisha mwandishi wa kwanza, mwaka na juzuu kabla ya kuunganisha chochote.

Utajua umefaulu iwapo kila chanzo kilichotajwa katika tasnifu kina kumbukumbu moja tu ndani ya Zotero, nayo inalingana na nakala uliyonayo mkononi.

## Hatua ya 3: Safisha majina ya waandishi

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko kwingine, na hapafai kuharakishwa. Pitia kumbukumbu moja baada ya nyingine ukitafuta mambo manne.

Taasisi iliyogeuzwa kuwa mtu. Ukiona mwandishi anayeitwa `Organization WH` katika orodha, huyo ni Shirika la Afya Duniani. Programu ilipokea maneno matatu, ikalichukua la mwisho kuwa jina la ukoo na kuyafupisha mengine kama majina ya mtu. Fungua kumbukumbu, bofya kitufe kilicho kando ya jina kiitwacho `Switch to single field`, kisha andika jina zima katika sehemu moja. Mwongozo wa shirika hilo kuhusu kichocho utatoka hivi:

```
World Health Organization. WHO guideline on control and
elimination of human schistosomiasis. Geneva: World Health
Organization; 2022.
```

Wizara na ofisi za takwimu hushughulikiwa vivyo hivyo. Chagua namna moja ya kuandika jina la kila taasisi na uishike: wizara ileile isiandikwe mara kwa kirefu, mara kwa kifupisho, kwani msomaji atadhani ni taasisi mbili.

Majina ya ukoo yenye maneno zaidi ya moja. Makala ya mwaka 2003 kuhusu madhara ya kichocho kusini mwa Sahara, iliyotoka katika jarida la Acta Tropica, ina waandishi saba, na wa kwanza ni `van der Werf MJ`. Katika rasimu nyingi utamkuta ameandikwa `Werf MJV`, kwa sababu maneno mawili ya mwanzo yalichukuliwa kuwa majina ya kwanza. Jina lote la ukoo, pamoja na viambatanishi vyake, liingie katika sehemu ya jina la mwisho. Ukijaza herufi pekee badala ya majina ya kwanza, ziwekee nukta na nafasi, yaani `M. J.`, ili programu ijue kuwa ni mbili. Kwa kanuni za Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambazo ndizo msingi wa mtindo huu, mtu mmoja hupewa herufi mbili kwa wingi wake, hata kama ana majina matatu ya kwanza.

Majina yetu wenyewe. Mtanzania huandika jina lake, la baba na la ukoo, lakini fomu nyingi hapa nchini huanza na la ukoo. Jalada la tasnifu ya mwenzako linaweza kufuata utaratibu mmoja, na makala yake utaratibu mwingine. Usikisie. Angalia jinsi mwandishi mwenyewe alivyojitaja katika makala nyingine, au jinsi maktaba ilivyomworodhesha. Kuligeuza jina la kwanza kuwa la ukoo ni kumnyima mtu kazi yake, kwani anayemtafuta kwa jina hilo hatampata.

Herufi zinazotofautiana kihalali. Mwandishi yuleyule anaweza kuwa na herufi moja katika makala ya 1998 na mbili katika makala ya 2010, kwa sababu ndivyo majarida yalivyomchapisha. Hii si kasoro. Kanuni ni kufuata kilichochapishwa, hivyo usimwongezee herufi ili orodha ipendeze. Msimamizi akihoji, mwonyeshe kurasa za kwanza za makala hizo mbili.

Kuhusu idadi ya waandishi, usihesabu wala kufuta mtu. Acha wote ndani ya kumbukumbu, na mtindo utakata wenyewe baada ya wa sita. Chuo kikitaka watatu, au wote, ni mtindo utakaobadilishwa, na kumbukumbu zako zitabaki kama zilivyo.

## Hatua ya 4: Sawazisha majina ya majarida

Katika kila kumbukumbu ya makala kuna sehemu mbili zinazohusika: `Publication`, inayobeba jina kamili la jarida, na `Journal Abbr`, inayobeba ufupisho. Jaza zote mbili.

Ufupisho usiubuni. Fungua `NLM Catalog`, yaani katalogi ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, tafuta jina la jarida, kisha nakili kilichoandikwa katika mstari wa `NLM Title Abbreviation`. Kwa mfano, makala ya Katz na wenzake ya mwaka 1972, ambayo karibu kila tasnifu ya kichocho huitaja inapoeleza upimaji wa choo, ilitoka katika jarida la Brazili ambalo wanafunzi hulifupisha kila mmoja kwa namna yake. Ufupisho wake rasmi ni huu:

```
Rev Inst Med Trop Sao Paulo
```

Hakuna nukta baada ya maneno yaliyofupishwa. Nukta pekee inayoonekana kwenye orodha ni ile ya mwisho wa jina zima, nayo huwekwa na mtindo. Jarida lenye neno moja halifupishwi kabisa, na neno `The` la mwanzo huondolewa, ndiyo maana tunaandika `Lancet` tu.

Kuna dalili moja ambayo ukishaijua utaiona katika tasnifu nyingi: jarida linaloitwa `Lancet Lond Engl`. Jarida hilo halipo. PubMed hutunza jina kamili kama `Lancet (London, England)` ili kulitofautisha, kisha Zotero, ikiachiwa kufupisha yenyewe, hufupisha hata mji na nchi. Tiba yake iko ndani ya Word: fungua `Document Preferences` katika kichupo cha Zotero, na uondoe tiki katika kisanduku cha kutumia ufupisho wa MEDLINE. Tiki ikiwepo, programu hupuuza ulichoandika katika `Journal Abbr`. Ikiondolewa, huchapa hasa ulichokijaza.

Napendekeza iondolewe, ingawa kuna gharama yake: kumbukumbu ambayo `Journal Abbr` yake ni tupu itatoka na jina kamili. Gharama hiyo ina faida, maana jina refu linajionyesha lenyewe kwenye orodha na unajua mara moja ni wapi pa kujaza.

Jarida lisilopatikana katika `NLM Catalog`, kama yalivyo baadhi ya majarida ya vyuo vyetu, liandike kwa jina kamili. Ufupisho wa kubuni humfungia msomaji njia ya kulifikia, na hilo ni baya kuliko mstari mrefu.

Ukiwa bado katika kumbukumbu, angalia vitu vingine viwili kwa haraka. Kichwa cha makala kikiwa na herufi kubwa kila neno, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu yake na uchague `Transform Text`, kisha `Sentence case`. Baada ya hapo kisome upya, kwa sababu majina kama Tanzania au Mwanza yanaweza kushushwa herufi. Jina la kisayansi la kiumbe liwekewe alama za mlazo ndani ya kichwa hivi:

```
<i>Schistosoma mansoni</i>
```

Tarehe nayo: kama baadhi ya makala zinachapwa na mwezi na siku, na nyingine mwaka peke yake, bakiza mwaka tu katika sehemu ya `Date` ya makala zote za majarida.

## Hatua ya 5: Badilisha namba ndani ya maandishi

Fungua `Document Preferences` na uchague mtindo wenye neno `Vancouver` unaochapa namba kama chuo kinavyotaka, iwe ndani ya mabano ya mviringo, ya mraba, au juu ya mstari. Kisha anza ukurasa wa kwanza: futa namba iliyochapwa kwa mkono, bofya `Add/Edit Citation`, tafuta chanzo kwa jina la mwandishi, na ukiingize.

Fanya hivi ukiwa na orodha ya zamani kwenye karatasi, kwa sababu hiyo ndiyo pekee inayokuambia namba 19 ilikuwa nani. Ukishamaliza namba moja, ikate kwa kalamu.

Sentensi ikitegemea vyanzo viwili, viingize vyote katika kisanduku kimoja ili vitoke `(3,7)` na si `(3)(7)`. Chanzo kinachotajwa kwenye jedwali kiwekwe ndani ya jedwali au chini yake, kamwe si katika kichwa cha jedwali, kwa sababu kichwa hicho hunakiliwa hadi kwenye orodha ya majedwali mwanzoni mwa tasnifu. Muhtasari nao usibebe namba yoyote.

Mwisho, weka kishale mahali pa marejeo na ubofye `Add/Edit Bibliography`. Orodha ya zamani ifute yote.

Kuanzia hapa, usiguse orodha kwa mkono. Chochote utakachobadilisha juu yake kitafutika mara programu itakapoiandika upya. Ukiona kosa, rudi kwenye kumbukumbu ndani ya Zotero, sahihisha, kisha bofya `Refresh`.

## Hatua ya 6: Hakiki

Kwanza, tafuta namba za mkono zilizosalia. Katika Word nenda `File`, `Options`, `Advanced`, na kwenye `Field shading` uchague `Always`. Namba zilizoingizwa na programu zitakuwa na kivuli cha kijivu, na isiyo na kivuli umeisahau.

Pili, soma maandishi ukifuata namba tu. Chanzo cha kwanza kabisa kiwe 1, chanzo kipya kinachofuata kiwe 2, na kuendelea bila kuruka, na namba kubwa kuliko zote ilingane na idadi ya vyanzo kwenye orodha.

Tatu, chapisha orodha na uisome kwa kushuka badala ya kuvuka. Mzunguko wa kwanza tazama waandishi peke yao, wa pili majarida peke yake, wa tatu miaka na kurasa. Jicho linalosoma mstari mzima husamehe, ilhali linaloshuka safu moja hunasa nukta iliyozidi mara moja. Tafuta pia kwa kompyuta `&`, `Vol`, `pp` na `The`, ambazo ni mabaki ya mitindo mingine. Kama baadhi ya makala zina maneno `Available from` na nyingine hazina, ingia mipangilio ya Zotero, sehemu ya `Cite`, na uondoe tiki ya kujumuisha anwani za tovuti kwa makala zenye kurasa.

Nne, chagua sentensi kadhaa katika sura ya mjadala, fungua chanzo ambacho namba inakielekeza, na uhakikishe kinasema ulichokiandika. Hakuna programu inayoweza kukufanyia hili.

## Hatua ya 7: Toa nakala ya kuwasilisha

Msimamizi akitaka kusoma rasimu, mtumie nakala na wewe ubaki na faili lako. Akiifungua kwa programu nyingine kwenye simu na kuihifadhi, viungo vya Zotero vinaweza kukatika, na namba zitabaki maandishi ya kawaida yasiyosogea tena. Maoni yake yahamishie kwa mkono katika faili lako lenye viungo vilivyo hai.

Baada ya masahihisho ya mwisho, hifadhi nakala kwa jina jingine na ubofye `Unlink Citations` katika nakala hiyo pekee, kwa sababu kitendo hiki hakirudi nyuma ukishafunga faili. Kisha igeuze kuwa PDF ukiwa kwenye kompyuta yako, uifungue, na uangalie kurasa za marejeo mara ya mwisho. Stationeri peleka hiyo PDF, wala si faili la Word, ambalo kompyuta ya pale inaweza kulipanga upya kwa fonti na mipaka ya kurasa tofauti na ulivyoiacha. Faili lenye viungo lihifadhi hadi masahihisho ya watahini yatakapokamilika, kwa sababu wakidai chanzo kimoja kiongezwe katika sura ya pili, namba zote zinazofuata zitasogea, na ni faili hilo tu litakalozisogeza.